YAH: Uthibitisho wa maandishi wa kukubali makabati 60, oda namba MN/0417

Ndugu Mkuu wa Ununuzi,

Habari za kazi.

Makabati yote 60 ya chuma ya oda iliyotajwa hapo juu yapo kwenu tangu tarehe 6 Mei. Matatu ambayo kufuli zake zilikuwa zinagoma tuliyabadilishia tarehe 12, na fundi wetu akayafungua na kuyafunga mbele ya mtunza stoo wenu. Kilichobaki ni kauli yenu ya maandishi kwamba mmeyakubali. Bila hiyo mhasibu wetu hawezi kutoa ankara ya mwisho ya asilimia 30.

Hati ya kupokelea mzigo tunayo, ina saini na mhuri. Ila mtunza stoo aliandika chini yake: "Idadi imehakikiwa, ubora bado kukaguliwa." Alifanya vyema, maana siku ile makabati yalikuwa bado ndani ya maboksi. Saini ile basi inaonyesha mmepokea, haionyeshi mmekubali, na kifungu cha 8 cha mkataba wetu kinataka yote mawili. Juzi uliniambia kwa simu kuwa mmeshakagua na mmeridhika. Nashukuru sana, lakini simu haiwekwi kwenye jalada, na wakaguzi wa hesabu, wenu na wetu, watataka karatasi.

Naomba basi uijibu barua pepe hii kabla ya tarehe 23 Mei. Ukiona yanafaa, maneno haya yanatosha:

"Tumekagua makabati 60 ya oda namba MN/0417, yakiwemo namba 17, 18 na 42 yaliyobadilishiwa kufuli tarehe 12 Mei. Yote yanalingana na maelezo ya oda, nasi tumeyakubali. Ankara ya mwisho inaweza kutolewa."

Kama mwenye mamlaka ya kukubali bidhaa ni mwingine hapo ofisini, tafadhali mpelekee ajibu yeye, nawe uwekwe kwenye nakala.

Ikiwa bado lipo kabati lenye kasoro, lisizuie mengine. Taja namba yake (imebandikwa upande wa ndani wa mlango wa kushoto) na kasoro uliyoiona, kisha mkubali yaliyo sawa. Tutatoa ankara ya hayo kwanza na kumtuma fundi kwa lililobaki. Kukubali sasa hakugusi dhamana ya miezi 12. Kufuli ikigoma mwezi wa nane, bado ni juu yetu.

Jibu likifika, ankara itatumwa siku ya kazi inayofuata. Nifahamishe pia kama itumwe kwa anwani ileile ya kwenye oda au moja kwa moja kwa idara yenu ya fedha, kwa sababu ile ya malipo ya awali ilikaa mapokezi siku kadhaa kabla ya kumfikia mhusika.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Mauzo

Nakala: Mhasibu, Mtunza Stoo (kwa mnunuzi)
Kiambatisho: Hati ya kupokelea mzigo ya tarehe 6 Mei, taarifa ya fundi ya tarehe 12 Mei