Menyu ya wiki: faranga 90,000, watu watano

Mwanangu,

Hii ndiyo menyu ya kutoka Jumatatu mpaka Jumapili. Ibandike nyuma ya mlango wa jikoni. Wiki nzima nitatoka mapema na kurudi giza likiwa limeingia, kwa hiyo chungu kiko mikononi mwako. Baba yako ametoa 90,000 za chakula. Za makala ya kupikia ziko kando, usizichanganye. Ninachotaka ni kimoja: mtu yeyote hapa nyumbani asilale na chai tupu.

Leo Jumamosi nimenunua sokoni Kadutu: unga wa muhogo kilo 8 (12,000), unga wa mahindi kilo 4 (8,000), maharagi kilo 4 (10,000), mchele kilo 2 (5,000), viazi vitamu (4,000), unga wa masoso kilo 2 (5,000), sambaza kavu (8,000), mawese (3,500), sukari (3,000), na chumvi, nyanya na vitunguu (6,500). Jumla 65,000. Zimebaki 25,000. Humo 15,000 ni za mboga, 2,500 kila siku mpaka Jumamosi. 10,000 ni za Jumapili, na haziguswi hata mgeni akija.

Sambaza nimechukua kavu kwa sababu wiki hii mwezi ni mpevu. Wavuvi wanavuta sambaza kwa mwanga wa taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka ziwa lote samaki hawakusanyiki. Ukienda soko la Muhanzi katikati ya wiki utakuta fungu dogo kwa bei kubwa. Usinunue.

Kila asubuhi: uji wa masoso, kikombe kimoja kimoja, sukari kidogo. Una mahindi, soya na mtama ndani, unamfikisha mtoto wa shule mchana kuliko mkate na chai.

JUMATATU. Mchana: viazi vitamu vya kuchemsha na avoka. Jioni: bugali, maharagi, lengalenga.
Loweka kilo moja na nusu ya maharagi Jumapili usiku, umwage yale maji asubuhi. Yaliyolowa yanaiva upesi na makala yanapona. Yakiiva, toa nusu kabla ya kutia nyanya na mafuta, hiyo ni ya kesho. Frigo hatuna, basi ichemshe tena kabla ya kulala na tena asubuhi.

JUMANNE. Mchana: wali na maharagi yaliyobaki. Jioni: bugali na sombe.
Sombe nunua iliyokwisha kutwangwa. Hapa usiwe na haraka: majani ya muhogo mabichi yana sumu, na inatoka kwa kutwanga vizuri na kuchemsha sana. Acha ichemke bila kifuniko, saa nzima au zaidi, mpaka rangi ya kijani kibichi igeuke na harufu ya ubichi iishe. Hapo ndipo utie vitunguu, mawese na viganja viwili vya sambaza zilizooshwa maji ya moto. Chumvi mwishoni, maana sambaza zina yake. Pika ya siku mbili.

JUMATANO. Mchana: viazi vitamu na chai. Jioni: bugali na sombe ya jana, ambayo kwangu ni tamu kuliko ya siku ya kwanza. Leo sokoni huendi, 2,500 zinaingia kesho. Loweka maharagi mengine kilo moja na nusu.

ALHAMISI. Mchana: ndizi za kupika ndani ya maharagi, kwa mawese. Una 5,000, tafuta mkungu mdogo. Jioni: bugali, lengalenga na sambaza. Weka maharagi ya Ijumaa kando kama Jumatatu.

IJUMAA. Mchana: wali na maharagi. Jioni: bugali ya mahindi na sambaza za nyanya.

JUMAMOSI. Chakula kimoja kikubwa saa nane: bugali, kilo ya mwisho ya maharagi, mboga yoyote iliyo rahisi siku hiyo. Usiku uji.

JUMAPILI. Nyama nusu kilo, 8,000. Omba yenye mfupa, inatoa mchuzi. Za 2,000 ni biringanya na vitunguu vya kuongeza chungu. Nyama ikate vipande kumi, kila mtu viwili, na kaka yako asipewe zaidi kwa kuwa analia.

Kitinda bado anachagua. Sambaza nzima anazitema, basi zisage kinuni, umwagie unga wake juu ya maharagi au mboga yake kila jioni. Sahani yake iwe peke yake. Akila na wakubwa kwenye sinia moja, wanammaliza kabla hajameza tonge la tatu.

Bugali pimia kilo moja na nusu ya unga kwa chungu cha jioni. Ukiona muhogo unakwisha kabla ya Ijumaa, changanya na wa mahindi, na uniambie jioni hiyohiyo nikirudi.

Mama