Tairi kipara? Kata kushoto

TAIRI KIPARA?
KATA KUSHOTO.
Matairi – mita 150

Mzee, shikamoo. Hayo ndiyo maneno yote ya bango lako la barabara ya bandarini, na ninaomba lisiongezwe hata neno moja. Najua ulitamani pia tuandike kwamba mnaziba pancha, mnajaza upepo, mnauza rimu na bei zenu ni nafuu. Yote hayo ni kweli, lakini dereva hatapata nafasi ya kuyasoma.

Nimekaa pale mbele ya kiwanja chako siku mbili, nikitazama malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yakisogea kuelekea bandarini, huku bajaji na bodaboda zikipenya pembeni. Foleni ile haisimami moja kwa moja. Inasogea kidogo, inakwama, kisha inasogea tena. Dereva akiwa katika mwendo wa kilomita 20 kwa saa, katika sekunde 3 anakuwa amekwenda takriban mita 17, yaani karibu urefu wa lori zima na tela lake. Bango likimshikilia zaidi ya hapo, atamgonga aliye mbele yake, na mimi sitaki maneno yangu yawe chanzo cha ajali mbele ya mlango wako.

Nimechagua neno "kipara" kwa sababu ndilo linalotumika gereji na stendi, kuanzia hapa Mtwara hadi Masasi. "Tairi lililochakaa" ni Kiswahili kizuri, lakini dereva hulisoma kwanza na kulifikiria baadaye, ilhali "kipara" hulisoma na kuliona kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, aliye kwenye foleni hawezi kuliona tairi lake mwenyewe. Anachokiona ni matairi ya nyuma ya lori lililo mbele yake, kwa karibu kabisa, yakizunguka polepole hadi unaweza kuhesabu mifereji yake. Swali la bango linamkuta akiwa tayari analitazama tairi la mwenzake, na jibu anabaki kulitafuta kwenye la kwake.

"Kata kushoto" ndivyo tunavyoelekezana, na kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, anayeelekea bandarini anaingia kwako bila kuvuka njia ya mtu. Ndiyo maana napendekeza mgongo wa bango uachwe mtupu. Anayetoka bandarini angelazimika kukata kulia, katikati ya malori, na mteja wa namna hiyo ni afadhali umkose.

Namba ya simu nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa hakuna anayeandika namba huku ameshika usukani, na atakayeinakili simuni wakati gari linatembea tunamtia hatarini. Jina la duka lipo kwa herufi kubwa juu ya mlango, na mita 150 si mbali.

Kwa fundi rangi: bango lina upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Mistari miwili ya juu iwe na herufi za sentimita 60, na mstari wa chini herufi za sentimita 30. Herufi ziwe nyeusi, nene, zisizo na mapambo, juu ya rangi ya njano. Picha ya tairi haihitajiki, kwa kuwa matairi yenyewe yako barabarani. Vumbi la makaa litaifubaza njano ile mapema, kwa hiyo bango lioshwe kila wiki, hasa kuanzia mwezi wa 10 msimu wa korosho unapoongeza malori.

Nilimwomba binamu yangu, dereva wa bajaji, apite mbele ya karatasi niliyoibandika ukutani, nami nikaifunika nilipomaliza kuhesabu moja, mbili, tatu. Alisimama mbele kidogo, akainama kutazama tairi lake la nyuma, ndipo akanisomea maneno yote bila kukosea.

Yamebaki mambo mawili ambayo rangi haiwezi kuyafanya. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo ambavyo tairi likichakaa hadi kulingana navyo, huonyesha kwamba kina kimebaki milimita 1.6; mafundi wako wamwonyeshe kila anayeingia, na ambaye tairi lake bado halijafikia hapo aambiwe ukweli, aendelee na safari yake. La pili ni lile rundo la matairi mabovu lililo upande wa kushoto wa lango. Lori lenye tela haliwezi kukata kona pale bila kulikanyaga, kwa hiyo naomba liondolewe kabla fundi hajapanda ngazi siku ya Jumamosi.