Barua kwa Mhasibu wa Shule: Ombi la kulipa ada ya kidato cha nne kwa awamu

Atupele Mwakipesile,
Igurusi, Mbarali,
MBEYA.

5 Januari 2026

Mhasibu wa Shule,
Ofisi ya Uhasibu,
MBEYA.
(Kwa mkono)

Ndugu Mhasibu,

YAH: OMBI LA KULIPA ADA YA MWAKA 2026 KWA AWAMU SITA: NEEMA GWAKISA MWAKIPESILE, KIDATO CHA NNE, BWENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa Neema, namba yake ya usajili hapo shuleni ni 0417. Ankara ya mwaka huu nimeipokea. Ada ya bweni ni Sh 1,800,000, ya mtihani wa taifa Sh 50,000, mtihani wa utamilifu Sh 60,000, na masomo ya jioni Sh 40,000. Jumla ni Sh 1,950,000. Kwa utaratibu wa shule, kabla ya kufungua natakiwa niwe nimelipa nusu ya ada pamoja na michango yote, yaani Sh 1,050,000, na Sh 900,000 zilizobaki zilipwe mwezi Julai. Kiasi hicho cha kwanza sina chote. Naomba ruhusa yako nikilipe kidogo kidogo hadi mwisho wa Aprili, na nusu ya pili niimalize kufikia tarehe 31 Julai.

Sababu nitaieleza kwa kifupi. Sisi ni wakulima wa mpunga, na ada ya Januari kila mwaka hutoka kwenye magunia tunayoyaweka stoo tangu mavuno tukisubiri bei ipande. Mwezi Novemba baba Neema alifanyiwa upasuaji wa tumbo Mbeya mjini. Magunia yote yaliuzwa kwa ajili ya matibabu. Sasa yuko nyumbani na anaendelea vizuri, ila daktari amemkataza kazi nzito hadi Machi, hivyo shamba tumepandikiza kwa vibarua wa kulipwa. Vyeti vya hospitali nimeviambatanisha. Naomba visiende zaidi ya ofisi yako na ya Mkuu wa Shule.

Leo asubuhi, kabla ya kuandika barua hii, nimeweka Sh 400,000 kwenye akaunti ya shule kupitia wakala wa benki. Slipu iko ndani ya bahasha. Naomba Sh 150,000 kati ya hizo zihesabiwe kwanza kwenye michango, ya mtihani wa taifa ikitangulia, kwa sababu nafahamu usajili wa watahiniwa unafanyika mwanzoni mwa mwaka na nisingependa jina la mtoto lichelewe. Sh 250,000 zinazobaki ziende kwenye ada.

Ratiba ninayoiomba ni hii:

Jumatatu 5 Januari: Sh 400,000 (imeshalipwa)
Ijumaa 27 Februari: Sh 150,000
Jumanne 31 Machi: Sh 150,000
Alhamisi 30 Aprili: Sh 350,000
Jumanne 30 Juni: Sh 450,000
Ijumaa 31 Julai: Sh 450,000
Jumla: Sh 1,950,000

Kufikia mwisho wa Aprili nitakuwa nimefikisha ile Sh 1,050,000 ya Januari, na mtoto ataingia kwenye mtihani wa Novemba akiwa hana deni.

Nisingependa uone nimejipangia tarehe kwa kubahatisha, kwa hiyo nakueleza kila fedha inatoka wapi. Februari na Machi ni za vitumbua na chai ninavyouza stendi ya Igurusi. Nikishatoa mchele, sukari, mafuta na mkaa, kwa siku ya kawaida inabaki kama Sh 10,000. Sh 4,000 inakula nyumbani, Sh 6,000 inaingia kwenye kibubu. Kwa siku 25 za kazi ni Sh 150,000. Ningeweza kuandika kubwa zaidi ili ombi lipendeze, lakini miezi hiyo ndiyo ya palizi na mbolea, na mvua ikinyesha asubuhi wasafiri hawashuki kwenye basi kununua kitumbua.

Ya Aprili inatoka kikoba. Kikundi chetu kinavunja mzunguko wiki ya mwisho ya Aprili, na hisa zangu hadi sasa zimeshapita kiasi hicho. Mkopo wa kikundi sidaiwi. Nakala ya daftari langu la hisa, yenye sahihi ya mweka hazina, nimeiambatanisha.

Juni na Julai ni mpunga. Tuna eka tatu za kukodi ambazo kodi yake ilishalipwa, zote ziko kwenye maji ya mfereji. Kwa ada nimetenga magunia 12 tu. Julai iliyopita niliuza gunia Sh 80,000. Hapa nimepiga hesabu ya Sh 75,000, maana wakati wa mavuno kila mtu anauza na madalali wanajua hivyo. Magunia 12 kwa bei hiyo ni Sh 900,000. Mavuno yakichelewa nina nguruwe watatu, na nitauza wawili badala ya kuja kwako na maelezo.

Kila nikilipa nitakuletea slipu mwenyewe ndani ya siku tatu nipewe risiti. Kama kuna tarehe naona itanishinda, nitakupigia kabla haijafika. Kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, amekubali kunidhamini na ameweka sahihi hapo chini. Rekodi yangu pia unayo: tangu Neema aingie kidato cha kwanza mwaka 2023 sijawahi kuvuka mwaka na deni, na risiti zote ninazo.

Pamoja na ratiba hiyo, nina maombi mawili. La kwanza, Neema apokelewe bwenini siku ya kufungua na asirudishwe kufuata ada maadamu tarehe hizi nazitimiza. La pili, ikitokea nimechelewa, nipigiwe mimi kwa namba iliyopo kwenye fomu yake, jina lake lisisomwe mstarini. Deni ni langu, na yeye ana mtihani.

Wapo walionishauri nimhamishie shule ya serikali, ambako ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu 2016. Kwa mtoto wa kidato cha pili ningefikiria. Kwa aliyebakiza miezi kumi afanye mtihani, na walimu wake wa fizikia na kemia wanamjua anapokwama, naona hasara ni kubwa kuliko ada yenyewe.

Kama kuna tarehe au kiasi ambacho ofisi haiwezi kukikubali, naomba tukizungumze. Nitafika ofisini Alhamisi 8 Januari saa nne asubuhi, nikishamaliza biashara ya asubuhi. Ukikubali, naomba unisainie nakala ya barua hii na kuigonga muhuri, ili Neema aionyeshe getini.

Natanguliza shukrani.

Wako,

(sahihi)
Atupele Mwakipesile
Mama mzazi

MDHAMINI: Mimi, Ambakisye Mwakalinga, mjomba wa Neema, nimeisoma ratiba hii. Awamu yoyote ikipita siku 14 bila kulipwa, ofisi inipigie, nami nitailipa kutoka kwenye mshahara wa mwezi huo.
(sahihi) 5 Januari 2026

Nakala: Mkuu wa Shule

Viambatisho: slipu ya benki ya Sh 400,000, vyeti vya hospitali, nakala ya daftari la hisa, nakala za risiti za ada za 2023, 2024 na 2025.