Jumbe zenu, na barua pepe zake

Habari zenu wanadarasa. Jana baada ya kipindi Dkt. Mshindo aliniita mezani, akanionyesha simu yake. Hakusema mengi: "Kiongozi, wenzako hawa wananiandikia mimi au wanamwandikia shemeji yao?" Nimeona aibu kwa niaba yenu. Kwa hiyo mlionitumia jumbe zenu nizinyooshe, nimezinyoosha. Nimeweka na ujumbe wenyewe juu, kwa ruhusa zenu, ili wengine waone tulikotoka. Kila mtu achukue ya kwake, aisome, kisha aitume kwa barua pepe ya chuo. Si wasapu, na si saa sita usiku.

Asha, kwa Dkt. Mshindo (ulituma saa 6:47 usiku)

"Shkamoo madam samahan kwa usumbufu nlikua naumwa sana yan malaria ilinipiga af bando likakata xo cjatuma ile asainment naomba mpk ijumaa plz madam nakuomba xana 🙏🙏🙏"

Bando nimelitoa. Ukishataja malaria, bando linaifanya malaria nayo ionekane ya kutunga.

> Yah: Ombi la kuongezewa muda, Kazi ya Kwanza, Mofolojia ya Kiswahili
>
> Shikamoo Dkt. Mshindo,
>
> Mimi ni Asha Kibwana, mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili KIS/24/117, kundi la semina la Jumanne saa 4 asubuhi.
>
> Naomba kuongezewa muda wa kuwasilisha Kazi ya Kwanza, iliyotakiwa Jumatatu tarehe 19 Januari. Ijumaa tarehe 16 nilipimwa katika zahanati ya chuo, nikakutwa na malaria, nikapewa dawa za siku tatu na mapumziko. Nimeambatanisha nakala ya cheti cha daktari.
>
> Hadi naugua nilikuwa nimemaliza swali la kwanza na la pili. Limebaki la tatu, la uchanganuzi wa vitenzi. Naomba niwasilishe kazi yote Ijumaa tarehe 23 Januari kabla ya saa 10 jioni. Naomba radhi pia kwa kutokutaarifu kabla ya tarehe ya mwisho kupita.
>
> Natanguliza shukrani.
>
> Wako mtiifu,
> Asha Kibwana

Asha, cheti ukipige picha mchana, kwenye mwanga. Ile uliyonitumia muhuri hauonekani, linaonekana shuka.

Kundi la 4, kwa mwalimu wa Isimujamii

"Oya mkuu, kundi la 4 hapa. Leptop ya jamaa imekufa na kazi yote ilikuwa humo. Tunaomba wiki mbili tu."

Hili limenichukua muda, maana ilibidi niwaulize kipi hasa kilikuwa kwenye hiyo kompyuta. Kumbe rekodi zote ziko kwenye simu ya Zawadi. Kilichopotea ni unukuzi. Tena mlikuwa mmehoji wauzaji 9 kati ya 20. Wiki mbili za nini basi? Nimeomba siku saba, na nimeandika lililo kweli. Mkiulizwa ofisini, nyote mtasema jambo moja.

> Yah: Kundi la 4, ombi la siku saba, Mradi wa Isimujamii
>
> Shikamoo Mwalimu,
>
> Tunakuandikia kuhusu mradi wetu wa lugha ya wauzaji wa nguo Kariakoo, unaotakiwa Jumatano tarehe 21 Januari.
>
> Wiki iliyopita kompyuta tuliyokuwa tukihifadhia unukuzi wa mahojiano iliharibika, na fundi ametuambia yaliyokuwemo hayatapatikana. Rekodi za sauti za wauzaji 9 tuliowahoji zipo salama. Ni kosa letu kutokuweka nakala ya unukuzi mahali pengine.
>
> Tunaomba mambo mawili: kwanza, utuongezee muda hadi Jumatano tarehe 28 Januari ili tunukuu upya; pili, uturuhusu kupunguza wahojiwa kutoka 20 hadi 12, kwa kuwa muda uliobaki hautoshi kuwafikia wote. Kama ombi la pili halikubaliki, tutaendelea na 20 kama tulivyopangiwa.
>
> Tunaambatanisha orodha ya rekodi na kurasa 3 tulizokwisha kunukuu upya.
>
> Kwa heshima,
> Zawadi, kwa niaba ya wanakundi wote watano

Neno "tu" katika "wiki mbili tu" nimeliua. Anayeomba hapimi ukubwa wa anachoomba. Hiyo ni kazi ya anayeombwa.

Baraka, kwa Dkt. Mshindo

"Madam umenionea. Nimepata 11 wakati nimeandika vizuri. Swali la kitenzi umenikata bure. Naomba uniongezee."

Baraka, nimeishika karatasi yako mkononi. Hoja unazo mbili, na moja ni mbovu. Kwenye *hawakupigiwa* umeandika kuwa *-ku-* ni kiambishi cha mtendwa, nafsi ya pili umoja. Hiyo ni *-ku-* ya *nimekuona*. Humu ni njeo: wakati uliopita katika ukanushi, inayokaa pale ambapo *-li-* ya *walipigiwa* ilikuwa. Hapo madam yuko sahihi, ukilipeleka utamkumbusha akukate tena. Lakini jumla ya alama kweli imekosewa. Barua iseme hilo peke yake.

> Yah: Ombi la kuhakiki jumla ya alama, Jaribio la Kwanza
>
> Shikamoo Dkt. Mshindo,
>
> Nashukuru kwa kuturudishia karatasi za jaribio pamoja na maelezo yako pembeni.
>
> Nilipopitia karatasi yangu niliona alama zifuatazo: swali la 1, alama 5; swali la 2, alama 4; swali la 3, alama 6. Jumla iliyoandikwa ukurasa wa mbele ni 11, nami nikijumlisha napata 15. Huenda alama za swali la 2, zilizo nyuma ya karatasi, hazikuonekana wakati wa kujumlisha.
>
> Naomba, utakapopata nafasi, uhakiki jumla hiyo. Naweza kuleta karatasi ofisini kwako katika saa zako za kuonana na wanafunzi, Alhamisi kuanzia saa 8 mchana.
>
> Wako mtiifu,
> Baraka Lusinde, KIS/24/088

Juma, kwa Dkt. Mshindo

"Madam nisaidie hata maksi mbili tatu nisije kula sapu, home hali ngumu, mm ndo tegemeo."

Juma ndugu yangu, ya kuomba maksi sikuiandika. Karatasi yako haina kosa la kujumlisha, nimehesabu mara mbili. Hali ya nyumbani naijua na sikudharau, ila mwalimu hawezi kuigeuza kuwa alama, na ukimwandikia hivyo unamweka pabaya. Jaribio la pili lina alama 20 na bado lipo. Nimeandika hii:

> Yah: Ombi la kuonana kuhusu Jaribio la Kwanza
>
> Shikamoo Dkt. Mshindo,
>
> Nilipata alama 6 kati ya 20 katika Jaribio la Kwanza. Nimeona kuwa nilipoteza alama nyingi katika kutenganisha mzizi na viambishi tamati, hasa kauli ya kutendea na ya kutendwa zinapokaa pamoja.
>
> Naomba dakika 15 za muda wako Alhamisi, nije na vitenzi kumi nilivyochanganua mwenyewe, unionyeshe ninapokosea kabla ya Jaribio la Pili.
>
> Kwa heshima,
> Juma Salehe, KIS/24/131

Hivyo vitenzi kumi ni lazima uwe navyo kweli. Kesho saa 11 jioni nitakuwa vimbweta vya nyuma ya maktaba, njoo na daftari tuvianze. Asha, nasubiri picha ya cheti.