Karibu Tukae Kidogo, Jumamosi Saa Kumi

Ndugu yangu, habari za siku.

Ujumbe huu nimewatumia watu saba tu, na wewe ni mmoja wao. Nyote mmefiwa. Mwingine ni juzi tu, mwingine miaka imepita na watu wanadhani ameshasahau.

Mimi nilimzika mume wangu mwaka jana. Siku zile za mwanzo nyumba ilijaa hata mimi mwenyewe nikakosa pa kukaa. Kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, nami nikabaki na simu yake. Mpaka leo inalia saa kumi na moja na robo alfajiri, kengele aliyojiwekea mwenyewe ya kuamkia kazini. Sijaizima. Kila usiku naichaji. Hili sikuwahi kumwambia mtu, maana nikianza tu naambiwa "jikaze". Hawana nia mbaya. Ila nimechoka kujikaza.

Basi nimeona tukutane nyumbani kwangu Jumamosi hii saa kumi jioni, tukae saa moja na nusu hivi. Tukiona inatufaa, tutaendelea kila baada ya wiki mbili. Si kikao: hakuna mwenyekiti wala mchango, na mimi si mtaalamu wa chochote. Binti yangu ameniuliza kama ni kikundi cha kulia. Nimemwambia huenda, na kucheka pia kutakuwepo, maana marehemu wangu alikuwa na vituko.

Nitaanza kuzungumza mimi ili asiwepo wa kuona haya. Ukitaka kusema, sema. Mtaje kwa jina lake, tueleze alivyokuwa. Ukitaka kunyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, nyamaza, hakuna atakayekuuliza. Ninachoomba ni kwamba tutakayosikia yasitoke nje, hata kwa mume au mke. Tusipeane ushauri usioombwa. Na tusipimane misiba, eti wako mkubwa kuliko wangu: aliyefiwa na mzazi mwenye miaka tisini naye amefiwa, na aliyepoteza mimba pia.

Jambo moja zaidi. Kama usiku haupiti kabisa, huli, au umeanza kuona heri nawe usiwepo, usingoje Jumamosi. Nipigie saa yoyote, nitakusindikiza kwa daktari. Mimi mwenyewe nilisindikizwa.

Usije na kitu chochote. Ukiwa na picha yake na ungependa tuione, sawa, njoo nayo. Huna haja ya kunijibu kama utakuja au la. Najua siku nyingine mtu hajui hata kama ataweza kuvaa viatu. Mlango utakuwa wazi kuanzia saa tisa na nusu. Ukichelewa, ingia tu bila kubisha. Na ukifika mlangoni ukaona moyo unakataa, rudi nyumbani kwa amani. Kiti chako nitakiweka tena safari ijayo.