Mtu wa njia ya Yeriko: mfano wa Msamaria

Mwalimu mmoja wa Torati aliinuka mbele ya Yesu, akataka kumpima. "Mwalimu," akasema, "nifanye nini ili niurithi uzima wa milele?"

Yesu hakumjibu. Alimrudishia swali: "Torati inasemaje? Wewe huisomaje?"

Yule mtu alijua maandiko yake. Akaunganisha amri mbili: ya Kumbukumbu la Torati, kumpenda Mungu kwa moyo wote, kwa roho yote, kwa nguvu zote na kwa akili zote, na ya Walawi, kumpenda jirani kama nafsi yako.

"Umejibu sawasawa," Yesu akamwambia. "Fanya hivyo, nawe utaishi."

Mazungumzo yangeishia hapo. Lakini mwalimu alitaka kujionyesha kuwa yuko upande wa haki, akauliza: "Na jirani yangu ni nani?"

Swali hili lilikuwa na uzito wa sheria. Katika Walawi 19:18 jirani anatajwa sambamba na wana wa watu wako, kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba wajibu wake unaishia kwa ndugu wa taifa lake. Mistari 16 mbele, sura hiyo hiyo inaagiza mgeni naye apendwe kama nafsi yako. Mwalimu wa Torati hakosi kuijua mistari yote miwili. Alichotaka ni kuonyeshwa mpaka: nimpende nani, na nani nikimwacha sitakuwa na hatia. Yesu akamjibu kwa kisa.

Mtu mmoja alikuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko.

Kushuka huku ni kushuka kwelikweli. Yerusalemu iko mlimani, mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko bondeni karibu na Yordani, mita 250 hivi chini ya usawa huo. Mita 1,000 zinateremkwa katika mwendo wa kilomita 27 hivi, kupitia jangwa la Uyahudi. Ni mawe, makorongo, mapango na kona ambazo hujui nani yuko nyuma yake mpaka umeshamfikia. Hakuna kivuli cha maana na maji ni ya kutafuta. Sehemu moja ya njia hiyo inaitwa Mwinuko wa Adumimu tangu kitabu cha Yoshua, jina linalohusishwa na wekundu. Waliomsikiliza Yesu waliijua njia hii kwa miguu yao.

Mtu huyo akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Wakamvua nguo, wakampiga, wakaenda zao wakimwacha karibu kufa.

Tusiipite haraka sentensi hiyo. Nguo na usemi ndivyo vilivyomtambulisha mtu: Mgalilaya au Myahudi wa mjini, tajiri au kibarua, Myunani au Msamaria. Huyu hana nguo, na hawezi kusema. Yesu hakumpa jina, wala kabila, wala kazi. Alisema "mtu" tu. Anayepita hawezi kujua kama aliyelala pale ni wa kwao. Na kwa kuwa yuko nusu ya kufa, hawezi hata kujua kwa mbali kama ni mgonjwa au maiti. Kuna njia moja tu ya kujua, nayo ni kusogea karibu.

Kwa bahati, kuhani mmoja alikuwa akishuka kwa njia ile. Akamwona, akapita upande wa pili.

Wengi humtetea kuhani kwa sheria ya unajisi. Ni kweli Walawi 21 inamkataza kuhani kujinajisi kwa maiti isipokuwa ya ndugu wa karibu, na Hesabu 19 inasema anayegusa maiti ni najisi siku 7 na hunyunyiziwa maji ya utakaso siku ya 3 na ya 7. Lakini utetezi huo una mashimo. Makuhani waligawanywa zamu 24, kila zamu ikihudumu Hekaluni juma zima na kurudi nyumbani. Huyu alikuwa akishuka, yaani Yerusalemu ilikuwa nyuma yake. Ibada ambayo unajisi ungeizuia haikuwa mbele yake. Tena mafundisho ya marabi yaliyoandikwa katika Mishna yanadai kwamba maiti iliyoachwa bila mtu wa kuizika ni lazima izikwe, hata kama aliyeikuta ni kuhani mkuu. Na mtu aliye hai ana haki kubwa kuliko maiti. Ndiyo maana Yesu hakumtafutia kuhani sababu yoyote. Alisema tu kwamba aliona, akapita.

Vivyo hivyo Mlawi akafika mahali pale, akamwona, akapita upande wa pili. Mlawi hakubanwa na sheria ile ya makuhani, kwa hiyo kisingizio chake ni chepesi zaidi.

Hapa wasikilizaji walishajua nani atafuata. Watu wa Israeli walipangwa kwa ngazi tatu: kuhani, Mlawi, kisha Mwisraeli wa kawaida. Wakulima na wavuvi waliokuwa wakisikiliza walikuwa tayari kumwona mtu kama wao akitokea kwenye kona na kuwaaibisha wakubwa. Kisa cha namna hiyo kingewafurahisha.

Lakini Msamaria mmoja, akiwa safarini, akafika alipokuwa yule mtu.

Jina hilo liliwachoma. Wasamaria walivishika vitabu vitano vya Musa, wakaabudu kwenye mlima Gerizimu karibu na Shekemu na kuikataa Yerusalemu. Mwishoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo, Yohana Hirkano, mtawala na kuhani mkuu wa Wayahudi, alilibomoa hekalu lao. Mwanahistoria Yosefo anaeleza kwamba Koponio alipokuwa liwali wa Kirumi, kati ya mwaka 6 na 9 baada ya Kristo, Wasamaria waliingia usiku katika Hekalu la Yerusalemu wakati wa Pasaka na kutawanya mifupa ya watu humo. Yesu mwenyewe, sura moja tu kabla ya mfano huu katika Injili ya Luka, alikataliwa na kijiji cha Wasamaria, na Yakobo na Yohana wakataka moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze. Aliwakemea. Huenda wanafunzi hao walikuwa bado na uchungu huo waliposikia jina hili. Jina "Msamaria Mwema" tumelizoea mno. Neno "mwema" halimo katika mfano, na kwa wengi waliokuwepo maneno hayo mawili hayakukaa pamoja.

Tena Msamaria aliishika Torati ile ile. Hesabu 19 ilikuwa sheria yake pia. Naye alikuwa peke yake, katika nchi isiyo yake, mahali ambapo wanyang'anyi huenda bado wako mawe machache kutoka hapo.

Alipomwona, akamhurumia. Neno alilotumia Luka ni la matumbo: ni huruma inayokata maini. Wote watatu waliona, na hapa tu ndipo walipoachana. Kuanzia hapo Msamaria hasemi neno mpaka kesho yake. Anatenda tu.

Akamkaribia. Akafunga majeraha yake, akiyamiminia mafuta na divai. Hii ilikuwa dawa ya kawaida ya zama zile: divai, kwa ukali wake, huosha uchafu na damu iliyoganda, mafuta ya zeituni hulainisha kidonda na kuzuia kitambaa kisigande. Yote mawili yalikuwa chakula chake cha safari. Vitambaa navyo vilitoka mahali fulani, na msafiri hubeba alichovaa: kilemba, au pindo la joho.

Akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe. Maana yake yeye alishuka. Mtu aliyezimia haketi imara. Lazima ashikwe ubavuni hatua kwa hatua, na mteremkoni mnyama hawezi kuharakishwa. Kwa hiyo Msamaria alitembea polepole, mahali ambapo kila msafiri hutamani kupita haraka, akiwa mikono yote miwili imeshikwa na kazi.

Akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamtunza. Kumbe hakumshusha mlangoni na kuondoka. Alikaa naye usiku ule, na usiku wa kwanza ndio wa homa na kiu. Tena fikiria jinsi alivyoonekana akiingia: Msamaria, na mtu uchi mwenye damu juu ya mnyama wake. Maswali ya kwanza yangemwangukia yeye.

Kesho yake akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba. "Mtunze huyu. Na chochote utakachotumia zaidi ya hapo, nitakulipa mimi nitakaporudi."

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa shambani kwa siku nzima, kama mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu unavyoonyesha. Mbili zilitosha chakula na malazi ya siku kadhaa. Lakini zito zaidi ni ile ahadi. Aliyelala ndani hana nguo wala sarafu. Akipona akiwa na deni, anaweza kushikwa kwa ajili ya deni hilo, maana zama zile mdaiwa alitupwa kifungoni mpaka alipe. Msamaria analiziba shimo hilo kabla halijamfikia. Anafungua hesabu isiyo na kikomo kwa jina lake mwenyewe, kwa mtu asiyejua jina lake, na huyo huenda akaamka bila kupenda kujua ameokolewa na nani.

Kisha Yesu akamgeukia mwalimu: "Katika hao watatu, unaona ni nani aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi?"

Swali limepinduliwa. Mwalimu aliuliza jirani ni nani, akiwa amesimama barabarani mwenye uwezo wa kuchagua. Yesu anamlaza chini kwenye vumbi, anamwambia atazame kutoka pale: nani alikuja karibu? Ukiwa umelala hapo huulizi kabila la mkono unaokuinua. Walioufanya mfano huu kuwa mafumbo, mnyama akiwa hiki na nyumba ya wageni ikiwa kile, tangu zama za mababa wa Kanisa, walipata mengi ya kufundisha, lakini ugeuzaji huu wa swali huwa unapotea humo, na ndio moyo wa mfano.

Mwalimu alijibu: "Ni yule aliyemwonea huruma."

Alijibu kweli. Neno "Msamaria" halikutoka kinywani mwake.

"Nenda," Yesu akamwambia, "nawe ufanye vivyo hivyo."

Luka hatuambii alikwenda wapi. Mstari unaofuata, Yesu na wanafunzi wake wako njiani tena. Anaingia katika kijiji fulani, na mwanamke aitwaye Martha anamkaribisha nyumbani kwake.