Yah: Ombi lako la mshahara, nafasi ya Mhasibu Mwandamizi

Ndugu Baraka,

Habari za tangu Jumatano. Barua pepe yako nimeisoma, na juzi nilikaa na Mkurugenzi wa Fedha tukaijadili. Nakushukuru kwa kusema wazi unachotaka, maana wengi husaini kwanza halafu manung'uniko yakaanza mwezi wa pili.

Jibu la mshahara nalitanguliza: hatutaweza kufika 3,000,000 uliyoomba. Kiasi tulichokuandikia, 2,600,000 kwa mwezi kabla ya makato, ndicho kilele cha daraja la nafasi hii. Hatukukuanzisha chini ili tupate pa kupandia. Baada ya usaili wako tulikuweka juu moja kwa moja. Lile jedwali la mafuta ya magari tuliwapa watu watano, na ni wewe peke yako uliyeona risiti moja imeingizwa mara mbili, mara ya pili ikiwa na tarehe ya kesho yake.

Kwenye daraja hilo hilo nina mhasibu mwenye miaka sita hapa ambaye bado hajafika 2,600,000. Nikikupa wewe 3,000,000, wiki ya kwanza tu atajua (mishahara ofisini haina siri, hasa idara ya uhasibu), nami sitakuwa na la kumjibu. Posho ya nyumba uliyoipendekeza badala yake ni mlango ule ule, kwa kuwa ni fedha taslimu na inakatwa kodi kama mshahara.

Wewe ni mtu wa hesabu, kwa hiyo ipige hii. Katika hizo 400,000 za nyongeza, NSSF ingechukua 40,000. Zinazobaki 360,000 zote zinaangukia kwenye asilimia 30 ya PAYE, yaani 108,000. Ulisema bado unarejesha mkopo wa Bodi ya Mikopo. Asilimia 15 ni 60,000 nyingine. Mfukoni ingekuingia 192,000. Si ndogo, sikatai. Ila ndiyo ya kulinganisha na haya ninayoweza kuyatoa.

La kwanza ni CPA. Umebakiza ngazi ya mwisho, na umekuwa ukijilipia mwenyewe. Tutalipa ada ya mitihani ya NBAA na ya darasa la marejeo kwa masomo yote yaliyobaki. Kuanzia Agosti hadi mtihani wa Novemba hutakuja kazini Jumamosi, na utapata siku 10 za mtihani zenye malipo, ambazo hazitagusa zile 28 za likizo ya mwaka. Sharti ni moja, na naliweka mezani mapema: ukiacha kazi kabla ya miezi 12 tangu tulipe ada, utairudisha. Ukifeli somo, tutalipia marudio mara moja. Ya pili itakuwa yako.

Pili, usafiri. Kutoka Nyegezi hadi Nyakato kila asubuhi ni kuvuka Mwanza nzima, daladala mbili. Basi letu la wafanyakazi kwa sasa linaishia Mkuyuni. Nimeongea na msimamizi wa magari, na kuanzia tarehe 1 Julai litaanzia Nyegezi stendi saa 12:15 asubuhi. Ni mapema, najua. Siku za kufunga hesabu za mwezi, ukitoka baada ya saa mbili usiku, gari la ofisi litakufikisha nyumbani.

Bima ya afya hukuigusa kwenye barua yako, huenda kwa sababu kwenye ofa tuliiandika kwa mstari mmoja. Inamhusu kila mfanyakazi pamoja na mwenza na watoto hadi wanne, tangu siku ya kwanza, bila kusubiri kipindi cha majaribio kiishe. Chakula cha mchana nacho kipo, na kwa kuwa tunasindika samaki, sangara hutamkosa.

Kuhusu kupanda daraja: ukipata CPA utakuwa na sifa ya kuombea nafasi ya Mhasibu Mkuu Msaidizi, ambayo kiwango chake kinaanzia 2,900,000. Sikuahidi kwamba nafasi itakuwa wazi siku hiyo. Nitakachokiandika kwenye mkataba ni kwamba tutakaa tena mwezi Julai mwakani kupitia utendaji wako na mshahara.

Ukikubali, nijibu kabla ya Ijumaa tarehe 20 Juni, saa kumi jioni, nami nitakutumia mkataba ukiwa na haya yote ndani yake, si kwa maneno ya mdomo. Kama kuna jambo ungependa tulibadilishe kwa lingine, kwa mfano Jumamosi badala ya siku za mtihani, nipigie kabla ya hapo. Na ukiona haitoshi, niambie tu. Nina mtu wa pili anayesubiri jibu, naye nisingependa kumweka roho juu.

Wako,
Rehema
Meneja Rasilimali Watu